Wamekupa barua ya kukuachisha kazi: namna ya kuisoma na kuhesabu franga yako ya mwisho

Siku ya kwanza, tarehe 12 Februari 2024, mdogo wangu alirudi nyumbani saa tisa badala ya saa kumi na mbili, akaweka bahasha juu ya meza akaniambia: "Yaya, wameniachisha. Wanasema nipite ku kesi ya malipo kesho nichukue dolari 435 niweke sinyatire, basi." Alikuwa magazinie, yaani mtu wa kuchunga depo, kwa patro mmoja hapa Lubumbashi, miaka sita. Ndani ya bahasha kulikuwa karatasi mbili, barua yenyewe na dekonte, ile karatasi ya kuonyesha hesabu ya mwisho. Tulizisoma pole pole na buletini zake za mshahara pembeni, na usiku ule ile 435 ilipanda ikafika zaidi ya 1.500. Hatukuongeza kitu cha uongo hata kimoja, tulifuata tu Kodi ya Kazi ya Kongo, kitabu cha sheria za kazi (sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ile waligusa tena mwaka 2016) na kalkilatrisi ya telefone.

Nitakuonyesha namna tulifanya, kwa mfuatano ule ule. Hii inahusu kontra isiyo na mwisho, ile ya kudumu. Kama kontra yako iko na tarehe ya mwisho na wameivunja mbele ya ile tarehe bila kosa kubwa, hesabu ni ingine: hapo unadai mshahara wa miezi iliyobaki mpaka mwisho wa kontra, haupimi preavi, yaani zile siku patro anapaswa kukupa mbele ya kutoka.

Kwanza: tarehe mbili

Watu wengi wakipokea barua kama hii macho inakimbilia chini, ku franga. Wewe anza juu. Kila barua ya kuachisha kazi iko na tarehe mbili: ile waliandika ku kompyuta na ile siku ilifika mu mkono yako. Ile ya pili njo inahesabika, kwa sababu sheria inasema preavi inaanza kutembea kesho yake ya siku ulipewa habari kwa maandishi.

Barua ya mdogo wangu ilikuwa imeandikwa tarehe 29 Januari 2024, lakini walimpa tarehe 12 Februari. Wiki mbili ililala mu biro ya patro. Unaweza kusema ni kitu kidogo, lakini angalia: yeye alianza kazi tarehe 5 Februari 2018. Ukipima mpaka 29 Januari, iko na miaka mitano mizima na miezi. Ukipima mpaka 12 Februari, iko na miaka sita mizima. Na mwaka mmoja mzima, utaona sasa hivi, ni siku saba za mshahara.

Kwa hiyo wakikupa barua na daftari ya kuweka sinyatire, weka, lakini pembeni ya sinyatire andika kwa mkono yako "nimepokea leo" na tarehe na saa. Kuna watu wanakataa kusini, wanaogopa kwamba kusini ni kukubali. Apana. Kusini kwamba umepokea barua si kukubali kile kilichoandikwa ndani. Ukikataa unapoteza kitu kimoja tu: prevu ya tarehe yako ya kweli. Na uombe kopi yenye tarehe ile ile, au upige picha palepale mbele ya yule anayekupa.

Pili: sababu wameandika

Sheria inalazimisha patro aandike sababu waziwazi ndani ya barua. Sababu inaweza kutoka upande wako (uwezo wako wa kazi au mwenendo wako) ao upande wa kampuni (mahitaji ya kazi yenyewe, kama kufunga seksio). Hapa tafuta maneno mawili tu: wameandika fote lurde, yaani kosa kubwa, ao hawakuandika?

Kama wameandika fote lurde, preavi inaanguka, unatoka siku ile ile. Lakini hapo njo wanadanganya watu sana: fote lurde inaua preavi peke yake. Siku ulizokwisha kutumika mwezi ule zinabaki zako, na konje, yaani siku za kupumzika zenye kulipwa, haukukula inabaki yako. Nimeona mtu akitoka mikono mitupu kwa sababu mkubwa wa personeli alimwambia "wewe ni fote lurde, hauna kitu." Ile si kweli. Tena patro iko na siku 15 za kazi tu, tangu siku alijua kile kitendo, kukuandikia barua ya kukufukuza kwa fote lurde. Kama wanakufukuza mu mwezi wa sita kwa kitu walijua tangu mwezi wa pili, andika zile tarehe mbili ku karatasi, utazihitaji.

Kwa mdogo wangu barua ilisema "kupanga upya kazi ya depo". Hakuna fote. Kwa hiyo preavi iko nzima. Kama ile sababu yenyewe ni ya kweli ao ni ya kubuni, ile ni kesi ingine, ya kuachishwa bila sababu halali, na tribinali inaweza kulipisha patro mpaka mishahara 36 ya mwisho kwa kesi ya namna ile. Lakini usichanganye na hesabu ya leo. Dekonte unaidai hata kama sababu yao ni nzuri kabisa.

Tatu: preavi, hapa njo franga kubwa iko

Kanuni kwa mtumishi wa kawaida ni hii: siku 14 za kazi, kisha unaongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima umetumika bila kukatika. Ile ni ya chini kabisa. Kontra yako, ao konvansio kolektive ya kampuni, inaweza kutoa zaidi, na kwa metrize na kadre mara nyingi inatoa zaidi, kwa hiyo kama uko kadre usipokee kanuni ya 14 na 7 mbele ya kusoma konvansio. Delege wa sendika iko nayo, muombe.

Mdogo wangu: miaka sita mizima. 7 mara 6 ni 42, ongeza 14, inakuwa siku 56 za kazi.

Barua ilisema nini? "Utalipwa mwezi mmoja wa preavi." Mwezi mmoja ni siku 26 za kazi. Hii "mwezi mmoja" inaandikwa mu barua nyingi sana, utafikiri ni kopi ya barua moja, na watu wanaipokea kwa sababu inaonekana ya haki, mwezi mzima unalipwa bila kutumika. Lakini ukiwa na miaka sita, mwezi mmoja hata nusu ya haki yako haifiki.

Angalia vizuri lile neno "siku za kazi". Siku ya yenga haihesabiwi, sikukuu ya serikali haihesabiwi. Siku 56 si miezi miwili kasoro. Tulichukua kalendari tukahesabu na kidole: tunaanza siku ya pili tarehe 13 Februari, tunaruka kila yenga, tunaruka tarehe 6 Aprili kwa sababu ni siku ya Simon Kimbangu na siku hiyo watu hawatumiki, tukaangukia siku ya ine tarehe 18 Aprili 2024. Hii kazi ya kidole ni ya maana sana kama wanakutaka utumike preavi badala ya kukulipa, kwa sababu ile tarehe ya mwisho njo inaonyesha mpaka lini mshahara wako unaendelea kutembea. Wakisema "utatoka tarehe 12 ya mwezi wa tatu" na kalendari inasema 18 ya mwezi wa ine, zile siku katikati wanapaswa kuzilipa.

Sasa siku moja ni bei gani? Mshahara wake wa msingi ulikuwa dolari 390 kwa mwezi. Tunagawa na 26, siku moja ni dolari 15. Patro alichukua 26 mara 15, akaandika 390. Makosa ya siku tumeona, lakini kulikuwa kosa la pili ndani, na hili watu hawalioni kabisa.

Buletini yake ya kila mwezi ilikuwa na mistari mitatu: msingi 390, pesa ya nyumba 104, transpori 52. Mu sheria, neno remineresio (malipo ya kazi) halifungi ndani pesa ya nyumba wala transpori. Kwa hiyo ku biro wanakuambia: preavi ni remineresio, nyumba haimo. Lakini ile artikle ya kulipa preavi yenye haikuheshimiwa inasema patro analipa remineresio *na faida za kila namna* ambazo mtumishi angepata mu ile siku za preavi. Kama angebaki kazini siku 56, pesa ya nyumba angeipata ao hapana? Angeipata. Basi iko ndani. 104 gawa na 26 ni dolari 4 kwa siku.

Siku moja ya preavi inakuwa 15 na 4, dolari 19. 56 mara 19 ni 1.064. Patro aliandika 390.

Transpori (dolari 2 kwa siku, jumla 112 kwa siku 56) tuliiandika ku mstari yake peke yake, pembeni. Patro anasema haukupanda basi kwenda kazini basi hauna transpori, na mbele ya inspekta wa kazi ile hoja iko na nguvu yake. Mimi nashauri uiombe, lakini usiichanganye ndani ya hesabu kubwa, kwa sababu wakipinga mstari mmoja watajaribu kuangusha hesabu yote nayo.

Ine: konje

Konje ya sheria kwa mtu mzima ni siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima umetumika, na inaongezeka siku moja kwa kila miaka mitano ya kazi. Ni kidogo, najua, na makampuni mengi yanatoa zaidi kwa konvansio, kwa hiyo angalia yako. Mu muda wa kazi hauwezi kuuza konje yako, hata ukisini karatasi kwamba unaiacha ile karatasi haina nguvu. Lakini kontra ikikatika, ile konje haukukula inageuka franga. Hapo tu njo inageuka.

Dekonte ya mdogo wangu iliandika: "konje iliyobaki, siku 6, dolari 90." Ilitoka wapi ile sita? Hakuna mtu alimwelezea. Wewe ukikuta namba ya konje bila maelezo, usianze kubishana juu ya namba, anza kujenga yako.

Tulijenga hivi. Kila mwaka wake wa konje ulianza tarehe 5 Februari, siku aliingia kazini. Mwaka wa mwisho, kutoka 5 Februari 2023 mpaka 5 Februari 2024, ni miezi 12 mizima, siku 12. Alikuwa amepita miaka mitano, kwa hiyo siku moja juu, 13. Zile siku saba kati ya 5 na 12 Februari 2024 hazifanyi mwezi mzima, tuliziacha. Mu mwaka ule hakutoka konje hata siku moja. Mwaka uliotangulia alikuwa na siku 12, akatoka siku 5 tu kwa matanga ya mama mkubwa Likasi, wakamuita arudi kwa sababu kamio za shehena zilikuwa zimefika depo. Siku 7 zilibaki.

13 na 7 ni siku 20. Kwa dolari 15, ni 300. Patro aliandika 90.

Ile siku 5 tuliionyesha namna gani? Alikuwa amechunga kile kikaratasi cha kutoka konje, chenye tarehe ya kutoka na ya kurudi, ndani ya kitabu cha mtoto cha masomo. Kama hauna kikaratasi, tafuta mesaji za telefone: ile siku waliandika "rudi kesho asubuhi" ni prevu ya kwamba konje ilikatika. Na hapa usitumie nyumba na transpori, bei ya siku ya konje ni remineresio, 15 basi. Hesabu yako ikiwa safi mahali haikupi faida, watakuamini mahali inakupa.

Tano: siku ulizotumika mu mwezi wa mwisho

Hii ni fupi. Kutoka tarehe 1 mpaka 12 Februari 2024 kulikuwa siku 10 za kazi (siku ya sita, yaani samedi, walikuwa wanatumika). Hapa mistari yote mitatu ya buletini inaingia kwa sababu alifika kazini kweli: 15 na 4 na 2 ni 21, mara 10 ni dolari 210. Patro aliandika 210, sawasawa. Kama uko na saa za juu hawajakulipa, ao prime ambayo kontra inasema inalipwa, iandike hapa na tarehe zake.

Sita: vitu vya kampuni na yale wanakata

Chini ya dekonte kulikuwa makato matatu. Avansi dolari 60. Telefone ya kazi dolari 150. Bote na kaske dolari 45.

Avansi ilikuwa ya kweli. Alikuwa amekopa 100 mu mwezi wa kumi na mbili, walikata 40 mu mwezi wa kwanza, 60 ilibaki. Hatukuigusa. Ukikopa, wako na haki ya kukata.

Bote na kaske: walimpa miaka miwili nyuma, akavaa kila siku mu depo, soli iliisha. Sheria inasema mtumishi anapaswa kurudisha mu hali nzuri vitu vyote walimpa, lakini hajibu juu ya kuchakaa kwa matumizi ya kawaida, wala juu ya kitu kilichopotea kwa ajali bila kosa lake. Soli ya bote kuisha mu miaka miwili ni matumizi ya kawaida, hakuna mtu anaweza kubisha. Alirudisha bote vile ilivyo, na kato likaanguka.

Telefone njo ilituumiza kichwa. Siku ile ile ya barua, saa nane, mlinzi wa getini alimwambia: toa telefone ya kampuni mbele ya kutoka. Akatoa. Hakuomba karatasi, alikuwa na mawazo, angeomba namna gani. Na dekonte ya ndani ya bahasha inasema telefone haikurudi.

Kwa hiyo hii nakuomba uishike hata kama unasahau yote mengine: siku ya kurudisha vitu usirudishe kitu kimoja bila desharji, ile karatasi ya kwamba wamepokea. Haihitaji kuwa ya kampuni, unaweza kuiandika wewe mwenyewe ku karatasi ya kaye. Mstari kwa mstari: funguo ngapi na za mlango gani, telefone ya marke gani na namba yake ya IMEI (ukibonyeza *#06# inatokea ku ekran, andika ile namba), ordinatere na namba ya seri iliyo chini yake, beji, gile, vitabu vya stoki, na pembeni ya kila kimoja hali yake: "inawaka", "kioo kimepasuka kona moja tangu 2022". Yule anayepokea aandike jina, kazi yake, tarehe, sinyatire. Kopi mbili. Akikataa kusini, piga picha ya vitu juu ya meza ya biro mbele ya kuviacha, na siku ile ile utume ripoti ku imeli ao ku WhatsApp ya mkubwa wa personeli, "leo saa fulani nimeacha kwa fulani vitu hivi".

Kwa magazinie kuna kitu kingine juu: stoki. Usiache funguo za depo mbele ya kuhesabu stoki pamoja na yule anachukua nafasi yako, ama yeyote wanatuma. Ukiacha funguo leo na inventere inafanywa kesho kutwa bila wewe, kile kitakosekana watakuandikia. Mdogo wangu hapo alikuwa na bahati, inventere ya mwisho wa mwezi wa kwanza ilikuwa imesiniwa.

Na usishike vitu vya kampuni kama rehani. Kuna watu wanasema "nabaki na ordinatere mpaka wanilipe." Unawapa sababu ya kukushtaki kwa wizi, na ile franga yako ambayo ilikuwa deni safi inaingia mu mabishano. Rudisha vyote, dai vyote.

Saba: weka karatasi mbili pamoja

Ya patro ilikuwa hivi: siku za kazi 210, preavi 390, konje 90, jumla 690. Toa 60 na 150 na 45, inabaki 435.

Yetu: siku za kazi 210, preavi 1.064, konje 300, jumla 1.574. Toa avansi 60, inabaki 1.514. Transpori ya preavi 112 pembeni, ya kujadiliana.

Tofauti ni dolari 1.079. Hesabu hii ni mbele ya kodi ya mshahara na ile asilimia 5 ya mtumishi inayoenda CNSS, watakata juu yake, ni kawaida. Lakini uangalie wameandika kila kato ku mstari yake, na uangalie ile ya CNSS inafika kweli kule, kwa sababu pansio yako iko mule.

Muda wa kulipa: sheria inampa patro siku mbili za kazi baada ya kazi kuisha kukulipa kila kitu. Mu siku mbili zile zile anapaswa kukupa pia sertifika ya mwisho wa kazi, inayoonyesha kazi gani ulitumika, tangu lini mpaka lini, na namba yako ya CNSS. Hawaruhusiwi kuandika ndani eti ulikuwa mtu mbaya ao ulifukuzwa kwa hiki na kile. Soma tarehe za ndani vizuri. Kama wameandika kwamba ulianza 2019 na wewe ulianza 2018, rudisha irekebishwe palepale, usipokee kwanza.

Nane: ku kesi

Alirudi kesho yake. Alichukua ile 435, kwa sababu ni franga yake na watoto wanakula. Lakini mbele ya sinyatire aliandika kwa mkono: "Nimepokea dolari 435, sikubali kwamba hesabu imeisha, nahifadhi haki zangu zote juu ya preavi, konje na makato." Mtu wa kesi alikasirika, akasema utaharibu karatasi. Akamjibu, "Papa, naandika tu kile nakubali." Wakamwacha.

Kama umekwisha kusini bila kuandika kitu, usikate tamaa. Kupokea dekonte bila kulalamika siku ile hakukuzuii kudai kile kilikosekana. Ni kazi tu inakuwa ngumu zaidi kidogo, kwa sababu watakuonyesha sinyatire yako mbele ya inspekta na utapaswa kueleza.

Wiki ile ile aliandika barua moja kwa patro, ukurasa mmoja, na hesabu yetu yote ndani, akaomba jibu mu siku nane. Kopi moja walimwekea muhuri wa kupokea. Jibu halikuja.

Tisa: Inspeksio ya Kazi

Hauwezi kwenda moja kwa moja ku tribinali ya kazi. Lazima kwanza kupita mbele ya inspekta wa kazi wa mahali ulitumika, kwa kupatanishwa. Unaandika lalamiko, unaweka kopi: kontra, barua, dekonte, buletini tatu za mwisho, vikaratasi vya konje, barua yako ya kudai. Kopi, si orijinali, orijinali unaonyesha na mkono. Inspekta anaita pande mbili.

Siku ile patro alituma mkubwa wa personeli na dosie kubwa. Juu ya preavi hakubisha hata dakika tano, inspekta alipiga 14 na 42 ku karatasi akamgeuzia. Konje, alileta fishi yao yenye kuonyesha konje ya 2023 "imekuliwa yote", lakini haikuwa na sinyatire ya mdogo wangu, na kile kikaratasi kilichokuwa mu kitabu cha mtoto kilikuwa na muhuri wao wenyewe. Telefone, mdogo wangu aliomba walete rejista ya getini ya tarehe 12 Februari. Inspekta alikubali, akaweka siku ingine. Rejista ilipokuja, mlinzi alikuwa ameandika: saa 14 na dakika 10, telefone moja, na jina. Dolari 150 ikarudi. Transpori tuliiacha kwa kusikilizana.

Mkisikilizana inspekta anaandika pe-ve ya mapatano, ile karatasi yake ya kuonyesha kile mmekubaliana. Mbele ya kuisini soma mistari mitatu: kiasi kwa namba na kwa maneno, tarehe ya kulipa, na mara ngapi watalipa. Kwetu waliandika mara ya kwanza "kampuni italipa haraka", tukaomba haraka ifutwe, iandikwe tarehe. Waliandika mara mbili, mwisho wa mwezi wa tatu na mwisho wa mwezi wa ine, na mara mbili zile walilipa. Wakikataa kusikilizana ao hawaji, unaomba pe-ve ya kutopatana, na ile karatasi njo inakufungulia mlango wa tribinali.

Usikawie. Kudai mshahara kunakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku ulipaswa kulipwa, madai mengine mengi ya kontra yanafika miaka mitatu. Usianze kuuliza dai lako liko ku upande gani, hesabu kama uko na mwaka mmoja tu kwa yote, na uanze kuhesabu kutoka ile tarehe uliandika kwa mkono yako siku ulipokea barua.